Cheti cha kodi ya zuio: andika mapato kamili, kisha dai ulichokatwa

Kuanzia Mei hadi Juni, meza yetu hapa Kisumu hujaa wakufunzi, wahandisi, wapima ardhi na washauri wa mashirika wanaouliza swali lilelile: "Si nilishakatwa kodi? Mbona ritani inanidai tena?" Ni kweli umekatwa. Ila ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, ambayo mteja huikata kabla ya kukulipa, ni malipo ya awali tu. Kodi yako yenyewe hujulikana mwaka ukiisha, faida ikishapigiwa hesabu, ndipo ulichokatwa kinapotolewa kwenye deni.

Tuchukue mfano wa mkufunzi anayefundisha wahudumu wa afya ya jamii. Tarakimu tumezitunga, lakini hesabu ni ileile tunayoifanya kila siku. Mwaka 2025 alifanya kazi za shilingi 900,000: shirika moja 400,000, ofisi moja ya serikali 260,000, na chuo kimoja 240,000. Kila mmoja alimkata asilimia 5, ambayo ndiyo kiwango cha ada za kitaalamu, ushauri na mafunzo kwa mkazi wa Kenya, malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000. Angekuwa mkandarasi wa ujenzi angekatwa asilimia 3. Basi jumla ya makato yake ni 45,000, na benki iliingia 855,000.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu hufungua taarifa ya benki, anajumlisha zilizoingia, na kuandika 855,000 kama mapato. Kisha anashuka chini na kudai vyeti vya 45,000. Akifanya hivyo amejipunguzia mara mbili: kodi ameitoa kwenye mapato, halafu ameitoa tena kwenye deni.

Tuipige hesabu sawasawa. Matumizi yake ya kazi, yaani usafiri, uchapishaji, kukodi kumbi na msaidizi, yalikuwa 420,000. Toa kwenye 900,000, faida ni 480,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Laki moja inayofuata ni asilimia 25, yaani 25,000. Zinazobaki 92,000 ni asilimia 30, yaani 27,600. Jumla ni 81,400. Toa nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka, inabaki 52,600. Sasa ndipo vyeti vinaingia: 52,600 toa 45,000, anadaiwa 7,600 tu.

Akiandika 855,000, faida inashuka hadi 435,000, kodi baada ya nafuu inakuwa 39,100, na akishatoa 45,000 mfumo unamwambia KRA ndiyo inayodaiwa naye: arudishiwe 5,900. Inapendeza machoni, lakini ni uongo wa 13,500, na haufichiki. Kila cheti kinabeba namba yake, PIN ya aliyekata, PIN ya aliyekatwa, kiasi kamili kabla ya kukatwa, kiwango, na kodi yenyewe. Kwa hivyo KRA inajua ni 900,000 hata kabla hujafungua ritani. Tena kwa mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake mwisho ni tarehe 30 Juni 2026, KRA ilitangaza kwamba mapato na matumizi yatalinganishwa na ankara za eTIMS, na kiasi kamili kilicho kwenye vyeti vya zuio, na rekodi za forodha. Ndiyo maana tunaomba pia ankara za eTIMS za matumizi zenye PIN yako. Risiti ya karatasi isiyo na eTIMS haitakufikisha mbali.

Shida ya pili ni cheti kisichoonekana, na hii ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu kosa si lako. Turudi kwa mkufunzi wetu. Tuseme vyeti viwili vipo, cha shirika na cha ofisi ya serikali, ila cha chuo hakuna. Karatasi ya malipo waliyompa inasema wazi "kodi ya zuio 12,000". Karatasi hiyo si cheti. Cheti huzaliwa pale aliyekata anapoingiza maelezo kwenye iTax, akapata namba ya malipo ya PRN, na akalipa. Pesa isipofika, mfumo hautoi cheti. Sheria inamtaka aliyekata apeleke pesa hizo ndani ya siku 5 za kazi, kwa hivyo kimya cha miezi si cha kawaida.

Bila cheti cha chuo, makato yanayotambulika ni 33,000, na deni linapanda kutoka 7,600 hadi 19,600. Na mapato ya 240,000 bado ni lazima yaandikwe, maana alilipwa. Kuyaficha kwa hasira ya kukosa cheti ni kujichongea.

Jinsi ya kujua mapema: usingoje barua pepe. Cheti hutumwa kwa anwani iliyo kwenye iTax, na wateja wengi anwani ile ni ya saibakafe iliyowafungulia PIN miaka ile. Ingia mwenyewe, nenda "Useful Links", kisha "Consult and Reprint Acknowledgement Receipt and Certificate", utafute vyeti vya mwaka huo. Weka orodha hiyo kando ya ankara zako, mteja kwa mteja. Ankara isiyo na mwenzake ndiyo ya kufuatilia.

Ukimpigia mhasibu wa mteja, usiulize "mlinikata?" kwani atajibu ndiyo. Muulize tarehe ya kulipa ile PRN na PIN waliyoandika. Mara nyingine pesa ililipwa kabisa lakini herufi moja ya PIN ilikosewa, na cheti chako kimekaa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Hilo haliwezi kurekebishwa na wewe wala sisi. Ni aliyekata anayepaswa kulirekebisha na KRA, kwa hiyo mwandikie barua pepe ubaki na ushahidi. Juni ikiisha kabla cheti hakijatokea, jaza ritani kwa vyeti ulivyo navyo. Kikitokea baadaye, ritani hurekebishwa na ile 12,000 ikadaiwa. Kuchelewa kujaza kuna faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Neno moja kwa waliosajiliwa VAT. Wateja wakubwa na ofisi za serikali hukata pia VAT ya zuio ya asilimia 2, na cheti chake kinafanana sana na hiki. Hicho hudaiwa kwenye ritani ya VAT ya kila mwezi, wala hakiingii kwenye ritani ya mwaka ya mapato. Soma aina ya kodi iliyoandikwa juu kabla hujanakili namba. Vilevile gawio kutoka hisa, kwa mkazi, limekatwa asilimia 5 ambayo ndiyo kodi ya mwisho. Cheti chake kiweke, lakini usikidai.

Ukija ofisini, njoo na nywila ya iTax, ankara ulizotoa mwaka mzima, na taarifa ya benki. Kazi yetu ya kwanza itakuwa kuoanisha ankara na vyeti, na majina ya wateja waliokosa vyeti tutakupa siku hiyohiyo ili uanze kuwapigia.