Zuhura, lile swali la chuma

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Pole sana na sapu ya lishe ya mama. Nimezikuza zile picha za karatasi yako nikazisoma swali kwa swali, na kumbe umetumbukia shimo lilelile lililonimeza mimi mwaka jana. Umechukulia kwamba kinachopanda mama akiwa mjamzito kitazidi kupanda akinyonyesha. Foleti, chuma na nishati kila kimoja kina njia yake, na mtunga mtihani anajua hatujui.

Tuanze na chuma. Kwenye lile jedwali la Marekani tulilopewa darasani, mwanamke wa kawaida anahitaji miligramu 18 kwa siku, mjamzito 27, anayenyonyesha 9. Wewe uliandika 30 kwa anayenyonyesha. Hebu fuata chuma kinakokwenda. Katika ujauzito mama anatengeneza damu ya ziada, kondo la nyuma na mtoto, na mtoto anajiwekea akiba. Akishajifungua kazi hiyo imekwisha. Maziwa hubeba chuma kidogo mno, na mara nyingi hedhi haijarudi, kwa hiyo hata kile alichokuwa akikipoteza kila mwezi kinabaki mwilini. Ndiyo maana mahitaji yanashuka hadi nusu ya kawaida.

Ila soma swali vizuri. Likisema "mama amejifungua wiki mbili zilizopita, alivuja damu nyingi, hemoglobini 9", hapo hawaulizi mahitaji ya kila siku, wanauliza tiba, na ukimwandikia miligramu 9 umemwacha mgonjwa. Halafu kuna uzito wa kidonge. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 300 kina chuma chenyewe miligramu 60 tu. Kilichobaki ni salfeti na maji. Swali la 4 ulijibu 300.

Foleti shida yake ni muda. Namba ni rahisi: mikrogramu 400 kwa mwanamke wa kawaida, 600 kwa mjamzito, 500 kwa anayenyonyesha, maana hii inapita kwenye maziwa. Lakini mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wengine hata hawajajijua. Wewe uliandika kwamba aliyefika kliniki wiki ya 16 apewe foliki "kuzuia mgongo wazi". Muda huo umeshapita. Anapewa, ndiyo, lakini kwa ajili ya damu. Ya kuzuia mgongo wazi huanza kabla ya kushika mimba. Na angalia vipimo: mikrogramu 400 ni miligramu 0.4. Kile kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara kumi ya hapo, na kwa mama anayemeza SP ya kuzuia malaria dozi kubwa hivyo hupunguza nguvu ya SP. Mwalimu wetu alilipenda sana swali hilo.

Nishati ndiyo inayopanda mpaka mwisho. Hapa tulitumia jedwali la mashirika ya Umoja wa Mataifa la 2004: ongeza kilokalori 85 miezi mitatu ya mwanzo, 285 ya katikati, 475 ya mwisho. Yaani ile "kula kwa ajili ya watu wawili" ya mama wakwe haina hesabu yoyote! Sasa lile swali lako la mama wa mtoto wa miezi minne, ananyonyesha maziwa ya mama pekee, lishe yake nzuri, kabla ya mimba alihitaji 2,200. Maziwa yanamgharimu takriban 675 kwa siku. Lakini mwili wake uliweka mafuta wakati wa ujauzito, na anapoyapunguza polepole yanampa kama 170. Toa: 505. Jibu ni 2,705. Wewe ulijumlisha 675 yote ukapata 2,875, na hiyo ingekuwa sahihi kama swali lingesema mama amekonda, hakupata uzito wa kutosha. Huyo hana akiba ya kuchota. Neno moja tu kwenye swali, "lishe nzuri", ndilo lililokula alama zako tatu.

Jedwali la Marekani la 2005 lingekupa jibu jingine, 330 badala ya 505, kwa hiyo usichanganye safu. Mimi nilichanganya.

Jumanne niko zamu ya usiku, nipigie Jumatano mchana nikishaamka. Kabla ya hapo nifanyie hili: mama wa wiki 34, kabla ya mimba alihitaji 2,000, hemoglobini 10.2, bado anakunywa chai ya rangi na chakula. Andika nishati yake, kisha uniambie hiyo chai inaingiaje.

Wako,
Mwanaidi