Shemeji anachangiwa apasuliwe mgongo, nami nashuku goti

Mhariri,

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kisumu. Nawaandikia kwa sababu nyumbani nimeshaonekana mtu wa kuvuruga harambee, na huenda kweli ninakosea.

Mume wa dada yangu ni mvuvi wa Dunga. Mwezi uliopita alichutama siku mbili mfululizo akishona nyavu, na asubuhi ya tatu unyayo wa kulia ukakataa kuinuka. Akitembea hunyanyua goti juu kama anayevuka matope, kisha unyayo unapiga sakafu, pa! Kwa kuwa mgongo umemsumbua miaka mingi, alipelekwa kupigwa picha ya MRI. Ikaonyesha diski iliyo kati ya pingili L4 na L5 imechomoza. Daktari akashauri upasuaji, na mchango ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Hoja ya daktari ina msingi. Diski ya mahali hapo ikichomoza kwa nyuma kidogo pembeni, kwa kawaida hubana mzizi wa neva wa L5, maana ule wa L4 umeshatokea juu yake. L5 ndio mzizi mkuu wa misuli inayoinua unyayo na kidole gumba cha mguu.

Lakini nyuzi hizo hizo hushuka hadi kwenye neva ya peronea, inayozunguka shingo ya mfupa wa fibula, upande wa nje, chini kidogo ya goti. Hapo neva imelala juu ya mfupa, karibu sana na ngozi, na kuchutama kwa muda mrefu kunaweza kuibana. Unyayo utaning'inia vilevile. Ndiyo maana maiotomu, yaani kundi la misuli linalolishwa na mzizi mmoja, hunisaidia kuliko picha. Natafuta misuli ya L5 isiyopitia kwenye neva ya peronea. Mmoja hugeuza unyayo kwa ndani, nao hulishwa na neva ya tibia. Mwingine ni wa nyonga, wa kutanua paja, na neva yake hutoka juu kabisa, matakoni. Kama mzizi ndio ulioumia, nayo ingelegea.

Siku ya kwanza nilimpima vibaya, nakiri. Nilimwambia ageuze unyayo kwa ndani ukiwa umening'inia, nikaona udhaifu, nikakubaliana na daktari. Usiku nikakumbuka kwamba unyayo ulioanguka hauupi msuli huo nafasi ya kuvuta vizuri. Kesho yake niliushika kwa mkono ukasimama pembe mraba na mguu, nikamwambia, "Shem, sukuma mkono wangu kwa ndani." Alinisukuma hadi nikayumba: nguvu 5 kati ya 5. Akalala ubavu, akainua paja, nalo 5. Ila kuinua unyayo alipata 2, na kuugeuza kwa nje 3.

Kisha ngozi. Nilimgusa kwa pamba na kuchora kwa kalamu pale hisia inapofifia: nje ya mguu, sehemu ya chini, na juu ya unyayo. Dematomu ya L5, yaani eneo la ngozi la mzizi huo, hupita papo hapo, kwa hiyo ramani yangu haikuamua kitu. Isitoshe, dematomu jirani hupandana, na mzizi mmoja ukiumia ganzi inaweza kuwa finyu kuliko inavyochorwa vitabuni. Kilichonishtua ni kwamba nilipogonga kwa kidole kwenye shingo ya fibula, alihisi umeme ukishuka hadi juu ya unyayo. Nilipoinua mguu ukiwa umenyooka, hakusikia maumivu ya kushuka kutoka kiunoni. Mkojo na choo ni sawa, na hana ganzi kwenye makalio wala sehemu za siri. Vinginevyo ningemkimbiza hospitali usiku huo huo.

Nimemwekea splinti ya kushikilia unyayo na kumkataza kuchutama. Wiki mbili baadaye kidole gumba kimeanza kucheza kidogo.

Shaka yangu ni hii. Mzizi wa L5 ukiumia nusu, nyonga inaweza kuonekana nzima kwa sababu mizizi mingine huusaidia msuli huo. Na diski imechomoza kweli, ingawa picha kama hiyo huonekana hata kwa watu wasio na dalili yoyote.

Nawauliza wenzangu wa neva na mifupa: je, vipimo hivi vinatosha kuomba upasuaji usubiri hadi apimwe umeme wa neva na misuli? Nimpelekee daktari barua yenye namba hizi, au nimwombe ampime shemeji mbele yangu, bila kuonekana ninamfundisha kazi? Na dada yangu, ambaye ameshatuma kadi za mchango hadi Siaya na Nakuru, nimwambie nini kabla ya Jumamosi?

Mfiziotherapia, Kisumu