Umeweka DNS ya kuzuia mambo machafu kwenye ruta na bado yanapita? Anza kuangalia DNS ya pili

Wateja wetu assalamu alaykum. Skuli zikishafungwa tu wazee wanakuja hapa dukani Darajani na suali moja, nimeweka ile DNS ya familia niliyoambiwa na bado mtoto anafungua vitu havifai, hii kitu inafanya kazi kweli au? Inafanya kazi, lakini nyumba nyingi tunazoenda kuangalia imewekwa nusu, na hii ya nusu ni mbaya zaidi kwa sababu mzazi anakaa kwa amani akijua kuna kizuizi na kumbe hakuna.

Tuelewane kidogo DNS ni nini halafu tuingie kwenye shughuli. Simu yako haijui majina ya tovuti, inajua namba tu, kwa hiyo kila ukifungua kitu lazima kwanza imuulize mtu, ni kama mgeni anaeshuka Darajani akauliza kwa fulani ni wapi akaelekezwa. Ukiacha ruta kama ilivyokuja, anaeulizwa ni seva ya kampuni inayokupa intaneti, na yeye anaelekeza popote bila kubagua. Ukibadilisha unachagua mwengine wa kumuuliza, na wengine hao wapo wenye kukataa, ukiuliza nyumba mbaya wanakwambia haipo.

Wanaotumika sana kwetu ni hawa. Cloudflare wana 1.1.1.1 ya kawaida tangu 2018, halafu 2020 wakaleta za familia, 1.1.1.2 inazuia tovuti zenye virusi na 1.1.1.3 inazuia virusi pamoja na picha za ngono. Google wana 8.8.8.8 ambayo haichuji mambo machafu, hiyo ni ya kuuliza tu. AdGuard wana 94.140.14.14 ya kuzuia matangazo, na 94.140.14.15 ya matangazo pamoja na mambo machafu. Zote bure.

Anaetaka kubadilisha kwa ajili ya spidi nimwambie mapema, spidi ya bando lako haitaongezeka hata kidogo. Kinachopungua ni ule muda wa kuuliza jina, sehemu ndogo ya sekunde, utauona kama seva ya kampuni yako inachelewa kujibu, yaani ukurasa unakaa mweupe kidogo halafu unafunguka wote kwa pamoja. Kama video inakatakata katikati DNS haihusiki, hapo tatizo ni laini au waifai yenyewe.

Sasa nikupeni nyumba moja ya Fuoni maana ndani yake matatizo yalikuwepo karibu yote. Wana ruta ya TP-Link imechomekwa kwenye boksi la faiba, watoto wanne, mkubwa yupo fomu tuu ana simu yake ya Android, wadogo wanagombania tableti. Baba aliwekewa DNS na kijana wa mtaani na akaambiwa tayari. Malalamiko yake yalikuwa kwamba asubuhi tovuti inakataa, usiku ileile inafunguka. Ukisikia habari hiyo ya mara inakataa mara inakubali usitafute mbali, fungua ruta uangalie zile namba mbili za DNS. Tukaingia, na kweli, ya kwanza 1.1.1.3, ya pili 8.8.8.8.

Watu wengi wanafikiri ile ya pili ni akiba tu, inakaa inasubiri ya kwanza ife. Si hivyo. Ruta nyengine zinauliza zote mbili kwa pamoja na anaewahi kujibu ndie anaesikilizwa, nyengine zinabadilishana, na hata zile zinazofuata mstari ya kwanza ikichelewa kidogo tu zinahamia ya pili na kubaki huko. Kwa hiyo ukiweka mchujaji na asiechuja pamoja unakuwa umefunga mlango mmoja na mwengine upo wazi. Zote mbili lazima ziwe za mtoaji mmoja na za aina moja. Mwenza wa 1.1.1.3 ni 1.0.0.3. Mwenza wa 94.140.14.15 ni 94.140.15.16. Na usichanganye Cloudflare ya familia na AdGuard ya matangazo ukidhani utapata faida zote mbili, utapata kila moja vipande vipande, bora uchukue ile ya AdGuard yenye yote mawili.

Pa kubadilishia ni hapa. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani fungua brauza uandike 192.168.0.1 au 192.168.1.1, imeandikwa kwenye stika chini ya ruta pamoja na paswedi ya kuingilia. Kwenye TP-Link za zamani nenda Network halafu WAN, weka tiki kwenye Use These DNS Servers, jaza Primary DNS na Secondary DNS, bonyeza Save. Hapohapo badilisha na paswedi ya kuingilia ruta, si ile ya waifai, hii ya ukurasa huu, maana mtoto wa fomu tuu anajua kusoma stika kama wewe. Kuna sehemu nyengine ya DNS ndani ya DHCP, pale ruta inapozigawia simu anwani zao, hiyo kama ipo tupu au sifuri iache. Ila kama kuna mtu alishajaza namba humo basi simu zote zinafuata hiyo na zinairuka uliyoweka kwenye WAN, kwa hiyo ifute au uweke namba zilezile.

Baada ya hapo zima waifai kwenye simu na uwashe tena, kwa sababu kifaa kinakumbuka majibu ya zamani kwa muda. Halafu pima, usipime kwa kufungua tovuti chafu mbele ya watoto, Cloudflare wameweka jina la kujaribia tu. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike

```
ipconfig /flushdns
nslookup nudity.testcategory.com
nslookup nudity.testcategory.com 1.1.1.3
```

Mstari wa kati unauliza kwa njia ya nyumba yako, wa mwisho unamuuliza 1.1.1.3 moja kwa moja. Jibu la kizuizi ni `0.0.0.0`. Yote miwili ikitoa sifuri uko sawa. Wa mwisho ukitoa sifuri na wa kati ukatoa namba ya kweli, basi nyumba bado inauliza kwengine, rudi kwenye ruta. Na hata wa mwisho ukitoa namba ya kweli, hapo kuna mtu katikati anayadaka masuali yako, kuna watoa huduma wanafanya hivyo, wanageuza kila suali la DNS kuja kwao hata ukiandika namba gani. Hiyo huwezi kuitengeneza kwa kubadilisha namba kwenye ruta, suluhisho lake ni hilo la simu ninalokuja nalo hapa chini. Kipimo hiki ni cha Cloudflare, ukitumia AdGuard usitegemee jina hilo.

Kule Fuoni kompyuta ikatoa sifuri, tableti ikakataa vizuri, lakini simu ya yule mkubwa ikafungua kama hakuna kilichobadilika. Na alikuwa kwenye waifai, data imezimwa. Tukaenda Settings, Network & internet, Private DNS, tukakuta pameandikwa `dns.google`. Hii setingi ipo kwenye Android kuanzia toleo la 9, na kazi yake simu inamuuliza huyo uliyemuandika moja kwa moja kwa njia iliyofungwa, ruta haihusishwi wala haioni kitu. Kijana wala hakuwa na nia mbaya, aliambiwa na wenzake inaongeza spidi.

Lakini mlango huohuo ndio dawa. Tuliandika pale pale

```
family.cloudflare-dns.com
```

na simu ikaanza kukataa, na uzuri wake inakataa hata akitoka nje akiwa kwenye bando lake, kitu ambacho ruta ya nyumbani haiwezi kamwe. Sisi kwa simu za watoto tunapendelea hii kuliko ruta, ruta tunaiweka kwa ajili ya tivii, tableti na wageni. Na kwa nyie wenye zile ruta za laini ya simu ambazo ukiingia ndani hukuti pa kubadilisha DNS kabisa, na zipo nyingi mjini, msihangaike nazo, wekeni hii kwenye kila simu ya Android na mambo yaishe. Mtoto anaweza kuitoa ndio, kwa hiyo pitia mara mojamoja, au tumia udhibiti wa wazazi wa simu yenyewe.

Kitu kimoja chengine kinachotoroka ni IPv6, yaani zile anwani za intaneti za aina mpya. Kama kampuni yako inatoa IPv6, ruta inaweza kuwapa simu seva ya pili kabisa ya DNS kwa upande huo, na zile namba zako za 1.1.1.3 hazigusi huko. Dalili yake ukipiga `nslookup` mstari wa Server unaonesha anwani ndefu yenye nukta mbilimbili badala ya 192.168 ya ruta yako. Ama ujaze IPv6 za familia, `2606:4700:4700::1113` na `2606:4700:4700::1003`, ama kama hujui unaitumia kwa nini uizime tu.

Kuhusu matangazo, AdGuard inasafisha sana kwenye tovuti za habari na magemu ya watoto, ila matangazo ya YouTube hayatoki, hata kwenye tivii, kwa sababu yanakuja kutoka majina yaleyale yanayoleta video, ukizuia moja umezuia yote. Ni hivyohivyo kwa TikTok, Instagram na magrupu ya WhatsApp na Telegram, DNS inaona jina la apu tu, haioni kilichomo ndani. Kilichotumwa kwenye grupu kitafika. Na mtoto akiweka VPN, apu inayopitisha intaneti yake kwa njia nyengine, amekwisha kutoka, ukiona alama ya ufunguo au neno VPN juu ya skrini yake uliza.

Halafu kile kitundu cha Reset nyuma ya ruta, mtu akikibonyeza kwa pini sekunde kama kumi kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, DNS yako imeondoka na waifai inarudi jina la zamani. Umeme kukatika hakufuti, hilo msiwe na wasiwasi nalo. Ukikuta jina la waifai limebadilika lenyewe basi ujue kimebonyezwa na uweke upya.

Ruta ulionunua kwetu tunakuwekea bure, iwe Unguja mjini au utuletee dukani, uje na waya wake wa umeme na ile paswedi uliyobadilisha. Za kwengine tunaangalia pia, ila piga picha stika ya chini kwanza ututumie WhatsApp tujue kama inakubali kubadilishwa kabla hujapoteza nauli ya daladala.