Barua kwa mwanangu: acha maskani nje ya mlango

Asalaam alaykum mwanangu,

Nshaisikiliza ile voisi yako ya kufanyia mazoezi ya intavyuu, nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni nakuna nazi, mara ya pili nikakaa chini kabisa. Huku Wete mvua tu tokea alfajiri, umeme unakwenda unarudi, basi nakuandikia kabla simu haijazima. Kazi ya stoo hotelini unaiweza, hilo sina shaka nalo, maana dukani kwa ami yako Darajani ulifanya kazi ya watu wawili. Lakini kwa ile voisi hata mie niliyekuzaa sikujua ulikuwa ukifanya nini pale.

Ulisema hivi, nakunukuu mwenyewe: "Yaani mie nlimaliza chuo, nkakaa kaa home, baadae nkawa napiga mishe flani kwa ami, mambo ya mizigo mizigo hivo, ndo hivo." Sasa ukiyasema haya maskani hapana tatizo hata kidogo, wenzako wanaijua chuo gani, ami gani, wamekuona kwa macho yao umebeba magunia. Wewe unatia maneno matatu, yaliyobaki wanajaza wenyewe. Wale wa kwenye meza hawana cha kujazia. Wakisikia "mishe flani" wanaandika hakuna kitu, wanakwenda suala la pili. Mie nimekaa upande ule wa meza miaka sita kabla sijastaafu, tunawahoji vijana, na waliokosa kazi wengi si kwa sababu hawajui, ni kwa sababu ya "mambo ya hivo hivo".

Ndo maana nakwambia lugha ya intavyuu si kuvalisha maneno kanzu. Ni kumwambia ntu asiyekujua. Hebu sema hivi: "Nilimaliza diploma ya uhasibu. Baada ya hapo nilifanya kazi miezi minane katika duka la jumla Darajani. Nilikuwa napokea mizigo, nalinganisha na invoisi, naandika kwenye daftari la stoo, na kila mwisho wa mwezi nahesabu kilichobaki." Umeona? Hapana neno gumu hata moja. Kisha watie ile ya mchele wa mapembe, ule mzigo uliokuja na invoisi ya magunia 42 wewe ukahesabu 40, ukakataa kutia saini mpaka dereva akapiga simu. Mpaka leo ami yako anaihadithia hiyo, wewe unaificha ndani ya "mizigo mizigo".

Na usije ukaruka upande wa pili sasa. Kuna kijana mmoja alitujia akatuambia "kwa hakika ningependa kuwasilisha mbele yenu wasifu wangu kwa mujibu wa taratibu", anaongea kama anasoma taarifa ya habari, tukamuuliza jambo jepesi tu, ukikuta mzigo pungufu unafanyaje, akakwama, maana ile lugha ya kukariri haikuwa na jibu la hilo. Kisha akaanza "dah, yaani", ikawa imemwagika yote.

Lafudhi yako usiiguse. Najua kuna wenzio hapo mjini wanawacheka Wapemba, na wewe ukiongea nao naona unajaribu kuvuta maneno kama ntu wa Dar. Hicho Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, walikubaliana kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, basi wewe uliyekulia visiwani unahofu nini? Cha kubadilisha ni kidogo. "Nshamaliza" ifanye "nimeshamaliza", "ntakuja" ifanye "nitakuja", hiyo "yakhe" iache huku huku Pemba na "bro" iache maskani. Yaliyobaki waache wasikie unatoka wapi.

Ukiingia toa salamu, Asalaam alaykum, ukiona pana mgeni asiye Muislamu ongeza habari za asubuhi. Wakiwa watu wazima shikamooni haijamuua ntu. Usikae mpaka uambiwe. Anayekuuliza akiwa msichana rika lako usimwite dada wala sista, wala usimwite mama (wengine wanakasirika kweli), akijitaja jina mwite Bi na jina lake, asipojitaja jibu suala tu bila ya cheo. Na ukiitwa kule nje kwenye benchi itika "naam", si "ee" ile unayoniitikia mie ukiwa kwenye simu.

Kingereza nacho: ukiulizwa kwa Kiswahili jibu kwa Kiswahili, ukiulizwa kwa Kingereza jibu kwa Kingereza, fuata aliyeuliza. Maneno kama invoisi, stoku, eksel hayo ni ya kazi, yaseme tu. Linaloharibu ni lile la kuanza sentensi huku ukaimalizia kule, wale wanadhani umekosa neno pande zote mbili.

Sasa hili la meseji limeniudhi kidogo. Walikwandikia kwa heshima kuwa ufike Jumatano saa 3 asubuhi, wewe ukajibu "Poa freshi ntakuwepo". Mwanangu, intavyuu ilishaanza pale! Waandikie tena leo: "Asalaam alaykum. Nimepokea ujumbe wenu, nashukuru. Nitafika Jumatano saa 3 asubuhi (9:00), inshaallah." Hiyo 9:00 usiisahau, hotelini meneja akiwa mgeni ukimwambia saa tatu tu yeye anaweza kukungojea mchana.

Utateleza wapi? Mie nakwambia kabla, si mwanzoni. Mwanzoni ntu anaogopa anajichunga. Ni pale watakapocheka. Mmoja atatia mzaha, mwili unalegea, halafu wanakuuliza kwa nini uliondoka dukani na wewe umeshasahau upo wapi, unasema "ah, ami mnoko bana". Kweli ami yako ana maneno, lakini sababu ya kweli si hiyo, duka lilipungua biashara hakuweza kukulipa tena, basi sema hivyo hivyo: "Biashara ilipungua, akashindwa kuendelea kunilipa." Wacheke wao, wewe tabasamu, jibu lako libaki pale pale.

Ukikwama usijaze kwa "yaani" na "nini hii". Nyamaza, au sema "naomba nifikirie kidogo". Wakikuuliza programu ya stoo usiyoijua usiseme "sijui bana", wala usiongope, sema "hiyo sijaitumia, nilikuwa natumia daftari na eksel". Na mwisho wakikuuliza una suala lolote, usiseme "hamna, freshi". Uliza stoo inahesabiwa kila baada ya muda gani, hilo anauliza ntu wa stoo.

Haya, irekodi tena hiyo voisi usiku, uanze na ule mchele. Usirekodi maskani, nasikia kelele za karata nyuma. Na shati jeupe lipo kwa mamdogo wako Mwanakwerekwe, kalifate kesho, kola imekunjika lipige pasi kwa ndani kwanza.

Mie mamako,
Wete