Mke wangu ameniuliza elfu sita ninamlisha nani

Kwako Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijalala. Mbele yangu pana daftari la hesabu la mtoto, nimelijaza kurasa tatu. Jana jioni mke wangu aliona kwenye simu kwamba juma lililopita, kwa siku sita za kupeleka oda za chakula, nilipata shilingi 9,360, ilhali nilimkabidhi 3,300 pekee. Akaniuliza mbele ya watoto, "Hizo elfu sita nyingine unamlisha nani?" Mimi si mlevi, wala sina mwanamke wa nje, na wewe unaijua Nairobi hii.

Nimechukua siku moja nikaihesabu. Oda 12, kila moja kwa wastani wa shilingi 130, ni 1,560. Mara siku sita ndizo zile 9,360 alizoziona, kabla kampuni haijakata asilimia 20, yaani 312 kwa siku. Petroli ilinishangaza hata mimi. Simu huhesabu njia ya kutoka mkahawani hadi kwa mteja tu, jumla kilomita 48, lakini mita ya pikipiki ilisoma 108, kwa kuwa kufuata chakula, kurudi mtupu na kutoka nyumbani asubuhi hakuna anayenilipa. Pikipiki yangu huenda kilomita 40 kwa lita, hivyo nilichoma lita 2.7, nami nilinunua lita kwa 180: zikaenda 486. Bando ni 50. Oili, breki na pancha za juma zima zilikula 972, ambazo ni 162 kwa siku.

Zikabaki 550, na kwa siku sita ndizo zile 3,300 nilizomkabidhi. Nilikuwa barabarani kwa muda wa saa 11, ingawa simu huandika tano na kitu, maana kusimama nje ya mkahawa nikingoja chakula kiive si kazi kwake. Ni shilingi 50 kwa saa, Shangazi, na mbele ya watoto niliitwa mzinzi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Pikipiki ilinunuliwa 150,000, na nikiiuza baada ya miaka mitatu nitashukuru nikipewa 70,000. Hizo 80,000 zinazopotea, nikizigawa kwa siku zangu za kazi, ni kama 85 kila siku, kwa hivyo saa yangu ni shilingi 42 hivi. Nilikuwa nikiziita faida. Nazo 150,000 zilitoka kwenye chama cha mke wangu.

Sitaki kuiacha kazi hii, japo usiku huu nimeiacha mara tatu. Nataka tu aniombe radhi mbele ya watoto wale wale. Lakini nikimwonyesha hesabu, ataona kwamba simlishi mwanamke yeyote, na papo hapo ataona kwamba tunaila pikipiki yake. Nikinyamaza, nabaki mzinzi.

Mke wangu huamka saa kumi na moja kuchemsha chai. Je, niliache daftari mezani, au nilirudishe kwenye mkoba wa mtoto?

Mwendesha pikipiki, Nairobi