Barua kwa Mhariri: Ufupi wa mtu si presha yake

Ndugu Mhariri,

Siku chache baada ya gazeti lako kuchapisha makala iliyosema watu wafupi wako hatarini kwa moyo na warefu kwa saratani, mama mmoja aliingia chumbani kwangu kliniki akiwa na kipande cha makala hiyo kimekunjwa ndani ya daftari lake. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na kisukari hapa Morogoro. Hata kabla hajakaa akaniuliza, "Nesi, mimi na ufupi wangu huu, basi ndiyo nishaondoka?"

Nikamsimamisha kwenye ubao: viatu nje, kilemba nje, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho mbele. Sentimita 149. Kisha nikampima presha. 168 kwa 102. Nilipomuuliza kuhusu vidonge akakiri kwamba viliisha tangu miezi miwili na hakurudi kuchukua vingine. Alikuwa amekuja na hofu ya kitu asichoweza kukibadili, na kile anachoweza kukibadili alikuwa amekiacha nyumbani.

Makala yako haikusema uongo. Uhusiano huo upo, nao umepimwa kwa watu wengi kuliko mambo mengi tunayoyaamini hospitalini. Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti 121 zilizofuatilia watu zaidi ya milioni moja na kuhesabu waliokufa na walikufa kwa nini. Walipolinganisha watu wanaopishana sentimita 6.5, mrefu alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 6 wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na uwezekano mkubwa kwa asilimia 4 wa kufa kwa saratani. Huko Uingereza, wanawake karibu milioni 1.3 walifuatiliwa kwa takriban miaka tisa. Kila sentimita 10 za urefu ziliongeza uwezekano wa kupata saratani kwa asilimia 16.

Hapo kwenye asilimia 16 ndipo makala ilipoishia, na ndipo msomaji wako alipopotea. Asilimia 16 ya nini? Katika wanawake wale wa Uingereza, takriban 75 katika kila 1,000 walipata saratani kipindi chote hicho. Ongeza asilimia 16 juu ya 75, unapata 87. Kwa hiyo chukua wanawake 1,000 wa kimo cha kawaida, kisha wengine 1,000 wanaowazidi kwa sentimita 10, uwaangalie kwa miaka tisa: kundi la pili litakuwa na wagonjwa kama 12 zaidi. Wanawake 913 katika hao warefu hawakupata saratani yoyote. Ukisimama mlangoni ukawaona wote wakipita, huwezi kumnyooshea kidole hata mmoja ukasema huyu ataugua kwa sababu ya kimo chake. Ndiyo maana nasema uhusiano ni dhaifu: unaonekana kwa umati, kwa mtu mmoja haukuambii kitu cha maana.

Linganisha na sigara. Mvutaji ana uwezekano wa kupata saratani ya mapafu mara 15 au zaidi kuliko asiyevuta. Hapo hatusemi asilimia, tunasema mara. Katika utafiti uleule wa Uingereza, kwa saratani zinazoletwa na sigara, athari ya kimo ilikuwa ndogo zaidi kwa wanaovuta kuliko kwa wasiowahi kuvuta.

Sasa kwa nini mfupi augue moyo? Jibu moja liko utotoni. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha na kuharisha mara kwa mara hudumaa, na utoto uleule uliomnyima sentimita unaweza kuacha alama kwenye mishipa yake. Kimo hapo ni kama kovu: linaonyesha palikuwa na kidonda, lakini si lenyewe linalouma. Watafiti wa 2012 walijaribu kuondoa kwenye hesabu uzito, presha, mafuta ya damu na hali ya maisha, na uhusiano ukabaki karibu palepale. Lakini nani anaweza kupima, kwa mtu wa miaka 60, alikula nini akiwa na miaka miwili?

Mwaka 2015 watafiti wengine wakapita njia ya vinasaba. Hivi mtu huvirithi kabla ya kuonja uji wowote, kwa hiyo umaskini wa utotoni hauwezi kuvibadili. Waliangalia alama 180 za vinasaba zinazohusiana na urefu, wakakuta kwamba ufupi wa kurithi wa sentimita 6.5 huambatana na ongezeko la asilimia 13.5 la ugonjwa wa mishipa ya moyo. Sehemu ya ongezeko hilo, karibu theluthi, ilielezeka kwa mafuta mabaya ya damu, maana baadhi ya vinasaba vinavyopunguza kimo hupandisha pia mafuta hayo. Kwa hiyo si umaskini peke yake. Kwa upande wa saratani, maelezo yanayotajwa sana ni mawili: mwili mkubwa una seli nyingi zaidi zinazoweza kuharibika, na homoni za kukuza mwili huhimiza seli kugawanyika.

Lakini toka nje ya nchi moja uone jinsi uhusiano huu unavyoyumba. Wanaume wa Japani wa kizazi cha Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wafupi kuliko Wamarekani, na bado maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa machache sana kwao. Wenzao wa asili hiyohiyo waliohamia Hawaii waliugua zaidi, na wa Kalifonia zaidi tena. Kama ufupi ungekuwa ndio mwenye amri, Japani ingekuwa imejaa wagonjwa wa moyo. Chakula na mafuta ya damu viliupiku.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kwenye ubao wa kupimia tunalijua. Mtu hupungua kama sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni, na uzeeni pingili za mgongo hubonyea. Bibi niliyempima mwaka huu ana sentimita 150, binti yake anaapa kwamba zamani walilingana, na binti ana 156. Ukimkuta bibi huyo na ugonjwa ukasema ni kwa sababu ya ufupi, huenda umegeuza mambo: mifupa iliyochoka ndiyo iliyomfupisha.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mwandishi akiandika asilimia 16, aandike na 75 na 87 kando yake.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Vidonge alikuwa amemeza vyote, presha 138 kwa 86. Nilipomaliza kuandika kwenye daftari akavua viatu mwenyewe, akaenda kusimama ukutani. "Nipime na huku, nesi, labda nimeongezeka." Nikampima. 149.

Wako,
Muuguzi, Morogoro