Barua ya wazi kwa wanangu mlioacha kazi ili kuuguza wazazi

Wanangu wapendwa,

Ninawaandikia ninyi mliokuwa wahasibu, makarani wa malipo na watunza ghala, mkaacha kazi kwa sababu mama au baba aliangushwa na kiharusi na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Sasa mnatafuta ajira tena, na katika wasifu wenu kuna miaka mitatu, minne au mitano isiyo na jina la mwajiri. Nimestaafu nikiwa afisa utumishi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nimekaa upande wa meza wanakokaa wasaili. Nimewaona wengi wenu mkikosa kazi mnazoziweza, na mara nyingi hamkuponzwa na ile miaka bali na namna mlivyoieleza.

Kabla ya yote, fahamuni kwamba hamna kosa la kuungama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, jinsi ilivyotungwa, ilimpa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 mtoto wake anapougua au kufariki, na vilevile anapofiwa na mzazi. Mzazi aliye hai na anayehitaji kuuguzwa haikumtaja. Aliyekuwa na mama asiyeweza kula mwenyewe alibaki na njia mbili tu, kumwachia wengine au kuacha kazi. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya majukumu yake ya kifamilia. Siwaambii haya ili mkayataje mbele ya wasaili, maana anayeingia kwenye usaili na vifungu vya sheria mdomoni huonekana amekuja kushitaki. Nawaambia ili muingie mkiwa na utulivu.

Msaili anapouliza, "Hapa katikati ulikuwa wapi?", huwa anatafuta mambo matatu. Anataka kujua kama uliondoka kwa mwajiri wako wa mwisho kwa heri, kama jambo lililokuondoa limepata utaratibu, na kama bado unaijua kazi. Habari za ugonjwa wenyewe hazihitaji. Ninyi huanzia hapohapo asipopahitaji, mkamaliza dakika zenu kabla hamjafika kwenye lile la tatu, ambalo ndilo linaloamua.

Nitawapa mfano wa binti mmoja mhasibu ambaye sitamtaja jina. Aliacha kazi mwisho wa Machi 2019, akaenda Korogwe kwa mama yake, na alianza kuomba kazi Septemba 2023. Katika usaili wake wa kwanza, nami nikiwa mmoja wa wasaili, alianza na "samahani", akaeleza jinsi mama alivyoanguka uani, hospitali walizozunguka, na ndugu waliokataa kusaidia. Alikuwa ameshika bahasha ya vyeti mapajani, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuikunja pembe, mpaka pembe ikachanika. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akaifunga kalamu yake. Muda uliobaki ulitosha swali moja tu la hesabu. Tulimpa alama chache, nami nilijua kwamba hatukumpima.

Alinitafuta baadaye, tukakaa kibarazani kwangu tukaandika upya jibu lake. Lilikuwa hivi: "Niliacha kazi Machi 2019 kwa barua ya kujiuzulu, nikitoa notisi kamili, ili nimuuguze mama yangu aliyepata kiharusi. Nilikaa naye miaka minne na miezi mitano. Tangu Agosti mwaka huu dada yangu amehamia kwake, na mimi nimerudi Dar es Salaam. Kabla ya kuanza kuomba kazi nimepitia mabadiliko ya kodi ya kipindi hicho: kiwango cha chini cha Lipa Kadiri Unavyopata kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8 Julai 2021, na tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kimepanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200."

Someni tena muone kilichomo. Ugonjwa umepewa nusu sentensi. Muda umetajwa kwa miaka na miezi, kwa sababu anayesema "muda kidogo" humlazimisha msaili kukokotoa mwenyewe, na anayekokotoa huanza kushuku. "Kwa bahati mbaya" haimo, wala "lakini", neno ambalo likitokea katika jibu la namna hii huwa ni mlango wa kujitetea. Sentensi ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, nayo ni ya kazi, hivyo swali linalofuata litakuwa la kodi badala ya hali ya mama.

Katika wasifu mstari mmoja unatosha: "Aprili 2019 hadi Agosti 2023: kumuuguza mzazi, Korogwe." Uwekwe mahali pake kwa tarehe, baina ya kazi na kazi. Nimeona wanaofuta miezi na kuacha miaka mitupu ili pengo lipungue. Hilo halidumu, kwa kuwa cheti cha utumishi kina tarehe ya mwisho wa kazi, na taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha mwezi ambao michango ilikoma. Wengine huandika "biashara binafsi". Msaili akiuliza ulikuwa ukiuza nini na vitabu vyake uliviandikaje, mhasibu asiyeweza kujibu hilo amepoteza zaidi ya miaka minne. Binti yule alikuwa akiandika daftari la kikoba cha akina mama jirani kila Jumamosi. Nilimruhusu alitaje, kwa ukubwa wake halisi: kikoba, daftari moja, siku moja kwa wiki. Angeliita "usimamizi wa fedha" ningelifuta.

Swali linalowatia hofu ni hili: "Na mama akizidiwa tena?" Msiahidi kwamba hatazidiwa, kwa sababu ahadi hiyo haiko mikononi mwenu na msaili anajua hivyo. Elezeni utaratibu uliopo: nani anakaa naye, na nani atakwenda kwanza ikibidi. Akidadisi aina ya ugonjwa au dawa, inatosha kusema, kwa sauti ileile, "Hayo ni ya mama yangu, kwa upande wangu utaratibu umekamilika." Kama mzazi alifariki, semeni kwamba alifariki na mwezi aliofariki, kisha endeleeni. Sauti ikikatika, nyamazeni kidogo mpaka irudi, wala msiombe radhi kwa hilo.

Sikufichi, wapo waajiri ambao wakiona pengo huuweka wasifu kando bila kumwita mtu, na hakuna jibu zuri linalomfikia asiyeuliza. Kwa hao, tumieni njia ya watu: mpigieni aliyekuwa msimamizi wenu kabla hamjaandika jina lake kama mdhamini, mweleze kwamba mmerudi, na mtajieni tarehe zilezile mlizoandika. Binti wa Korogwe alimpigia wake akiwa bado kibarazani kwangu. Yule bwana alimkumbuka kwa ule mwezi wake wa mwisho, jinsi alivyomkabidhi mwenzake majalada moja baada ya jingine, akamwomba amtumie wasifu jioni ileile.

Ni mimi mama yenu,
Afisa utumishi mstaafu, Dar es Salaam